"Clear data" Haili Bando Lako: Maneno kwa Wahudumu wa Kafe za Intaneti, Bwera

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, akina mama wa soko la Mpondwe, mawakala wa forodha, na nyinyi vijana mnaokaa kwenye mashine za kafe kutwa nzima: hamjambo. Nimeombwa niseme Kiswahili, na nimefurahi, kwa sababu humu ndani kuna Wakonzo, kuna Waganda, kuna ndugu zetu waliovuka asubuhi hii kutoka Kasindi, na lugha ambayo sote tunauziana nayo samaki na chumvi ni hii. Bahati mbaya lugha hii sote tunaiacha mlangoni tukifika kwenye kompyuta. Pale kila kitu ni Kiingereza.

Nianze na mama mmoja aliyekuja kwetu kuchapisha hati. Alipomaliza nikamwambia, "Mama, ngoja nifute nyayo zako kwenye mashine." Nikafungua ule ukurasa wa kufuta. Chini kabisa kulikuwa na kitufe kimeandikwa `Clear data`. Mama akanishika mkono. "Mwanangu, usifute data! Nimenunua jana, bado sijaitumia." Alikuwa na simu mkononi, ameweka bando la wiki. Kwetu data ni nini? Data ni bando. Ni zile em-bi unazonunua kwa shilingi. Kwa hiyo yeye alisoma sawasawa kabisa kwa Kiswahili cha Uganda, akaelewa kwamba nataka kumteketezea pesa yake.

Na wiki hiyohiyo akaja wakala wa forodha, simtaji, yuko hapa anacheka. Yeye alisoma neno la kwanza, `Clear`. Mpakani hapa kukliya mzigo ni kuupitisha forodha ukalipiwa, ukapata karatasi, ukaondoka. Akaniuliza kama data yake ikishakliya atapewa karatasi gani.

Msiwacheke. Ukurasa ule umejaa maneno ya namna hiyo, yanayofanana na maneno tunayoyajua lakini yamebeba kitu kingine. Leo sitazungumzia kivinjari chote. Nitazungumzia ukurasa mmoja tu, na ndani yake visanduku vitatu vya kuweka tiki: kuki, kashe na paswedi. Nimevichagua hivyo vitatu kwa sababu kimoja kati yake kiliwahi kunitia aibu kubwa, nami nitawasimulia.

Tuufungue kwanza. Nitatumia Chrome kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye mashine nyingi za hapa. Bonyeza kwa pamoja `Ctrl+Shift+Delete`. Hakuna haja ya kutafuta menyu. Kwenye matoleo ya zamani kidogo ukurasa unaitwa `Clear browsing data`, kwenye mapya unaitwa `Delete browsing data`. Ni kitu kilekile: futa kumbukumbu za kuvinjari. Bando lako halimo humo, mama, liko kwa kampuni ya simu.

Kabla ya visanduku, juu kabisa, kuna mahali pa kuchagua muda, `Time range`. Hapo pameandikwa `Last hour`. Kijana mmoja aliniambia maana yake ni saa ya mwisho, yaani kivinjari kinafuta vitu vya saa ya mwisho ya kazi, jioni tukifunga. Hapana. Ni saa moja iliyopita, dakika sitini zilizotangulia hii dakika unayobonyeza. Na wala si saa moja ya asubuhi! Chini yake kuna siku moja, siku saba, wiki nne, na mwisho `All time`, tangu mwanzo.

Hapo pana mtego ambao nimeuona mara nyingi kuliko yote. Mteja ameingia kwenye barua pepe yake saa tatu asubuhi, akaacha dirisha wazi, akaenda kula roleksi, akarudi saa sita, akamaliza. Mhudumu anafuta akiacha `Last hour` kama alivyoikuta. Kivinjari kinatazama kumbukumbu iliwekwa lini. Ile iliyomtambulisha mteja iliwekwa saa tatu, kwa hiyo iko nje ya ile saa moja. Haikuguswa. Mhudumu anaona duara limezunguka, ukurasa umejifunga, anaamini kazi imekwisha. Mteja wa pili anakaa, anaandika anwani ya barua pepe, na barua za mwenzake zinafunguka mbele yake. Kwa hiyo kwenye mashine ya watu wengi muda ni `All time`, labda uwe na sababu.

Sasa tushuke kwenye visanduku. Kwenye matoleo mengi kuna sehemu mbili, `Basic` na `Advanced`. Ile ya kwanza ina visanduku vitatu tu: historia, kuki na kashe. Paswedi hazimo. Zimewekwa ndani zaidi, kwenye sehemu ya pili, na si kwa bahati mbaya. Ukikuta toleo ambalo kisanduku cha paswedi hakipo kabisa, kama Firefox, ambayo ukurasa wake wa kufuta haugusi paswedi, jua kwamba zina ukurasa wake peke yake kwenye mipangilio.

Kuki. Kwenye skrini ni `Cookies and other site data`. Neno lenyewe maana yake ni biskuti, na mtu akikuuliza biskuti zinatafuta nini kwenye kompyuta, ana haki ya kuuliza. Jina alilitoa mhandisi mmoja wa kampuni ya Netscape, Lou Montulli, mwaka 1994. Tatizo alilokuwa nalo lilikuwa hili: tovuti haina kumbukumbu. Ukibofya ukurasa wa kwanza inakupa, ukibofya wa pili inakupa, lakini haijui kwamba wewe wa pili ndiye yule wa kwanza. Ni kama muuza duka asiye na macho. Unaingia unataja jina, unaomba sukari. Unageuka kuomba chumvi, anakuuliza wewe ni nani.

Dawa yake ni ile tunayoijua stendi. Ukiacha mzigo kwa mtunza mizigo anakupa kikaratasi chenye namba, yeye anabaki na kipande chenye namba hiyohiyo. Ukirudi huhitaji kueleza ukoo wako, unaonyesha kikaratasi. Kuki ni hicho kikaratasi. Unapoandika paswedi mara ya kwanza tovuti inakukagua, kisha inakipa kivinjari namba ndefu isiyosomeka. Kuanzia hapo kila ukurasa unaoufungua kivinjari kinaionyesha namba ile. Paswedi haiulizwi tena. Mwenye kikaratasi ndiye mwenye mzigo, hata kama kikaratasi amekiokota.

Ndiyo maana kufunga dirisha hakutoshi. Kuna kuki za muda mfupi ambazo zinatakiwa zife kivinjari kikifungwa, na kuna za muda mrefu ambazo zimeandikwa tarehe ya kufa. Chrome tangu 2022 haikubali tarehe inayozidi siku 400, lakini siku 400 ni zaidi ya mwaka! Na hata zile za muda mfupi, kama mwenye mashine amechagua `Continue where you left off` ili kurasa zirudi umeme ukikatika, nazo zinafufuka. Hapa kwetu umeme unakatika, kwa hiyo kafe nyingi wamechagua hivyo. Siwalaumu, lakini wajue wanafufua na vikaratasi vya watu.

Ukitia tiki kwenye kuki, chini ya kisanduku kuna mstari mdogo: `Signs you out of most sites`. Wengi wanaona neno la sahihi hapo, wanadhani wanasainishwa kitu. Maana yake: utatolewa kwenye tovuti nyingi ulizokuwa umeingia. Sasa litazameni neno `most`. Nyingi, si zote. Ni ipi inabaki? Kama kivinjari chenyewe kimeingizwa kwenye akaunti ya Google, ile picha ndogo ya duara upande wa kulia juu, akaunti hiyo haitoki. Kivinjari kinabaki ndani makusudi ili kiweze kufuta na vile vitu vilivyohifadhiwa kwenye akaunti. Kumbukeni maneno haya, tutayarudia kwa machozi.

Na jambo moja la mwisho juu ya kuki ambalo hata mafundi wanalisahau. Ukifuta kuki umechana kikaratasi chako, lakini kile kipande kilichobaki kwa mtunza mizigo bado kiko. Kwa tovuti, wewe hujaaga. Kama kuna mtu alishanakili kikaratasi, chake bado kinaweza kufanya kazi. Kwa hiyo mteja abofye kwanza kitufe cha kutoka, `Sign out` au `Log out`, ili tovuti ivunje namba yenyewe, halafu ndipo sisi tufute. Ukianza na kufuta huwezi tena kubofya kutoka, kwa sababu tovuti haikujui.

Kashe nitaipitia haraka zaidi. `Cached images and files`. Ni stoo. Kivinjari kikishaleta picha, alama, rangi za ukurasa, kinaweka nakala kwenye diski ili kesho kisizilete tena kutoka mbali. Chrome ya Kiswahili inatumia neno linalotokana na akiba, na ni neno zuri. Pembeni yake skrini inakuandikia ukubwa, tuseme 312 em-bi. Hapo ndipo yule mama wa bando alikuwa na haki kwa mlango wa nyuma. Kufuta kashe hakukati bando lako sasa hivi, lakini kesho ukirudi kwenye kurasa zilezile vitu vile vinashushwa upya, na vinashushwa kwa bando. Nasi tangu Julai 2021 tunalipa ushuru wa asilimia 12 juu ya data ya intaneti. Kwenye mashine inayokula bando la simu, kufuta kashe kila jioni kwa ajili ya usafi tu ni kumwaga maji uliyoyachota mtoni mwenyewe.

Humo kwenye kashe hamna ruhusa ya kuingia kwenye akaunti ya mtu. Mwizi mvumilivu anaweza kukuta picha na kurasa ulizotazama, basi. Kashe inafutwa kwa sababu moja hasa: imeoza. Tovuti imebadilishwa lakini kivinjari kinatoa nakala ya zamani stoo. Dalili zake zinaonekana kwa macho: ukurasa umevunjika, maandishi yamepangana upande mmoja bila rangi, kitufe kinabofywa hakijibu, au bei ni ya wiki iliyopita. Na mara nyingi huhitaji hata kufungua ukurasa wa kufuta. Ukiwa kwenye ukurasa uliovunjika bonyeza `Ctrl+Shift+R`. Kivinjari kitauleta upya bila kwenda stoo, ukurasa huo mmoja tu.

Sasa paswedi. `Passwords and other sign-in data`. Nimesema kuki ni kikaratasi. Paswedi ni ufunguo wenyewe, na hiki ni kisanduku cha kutundikia funguo ambacho kivinjari kimekiweka baada ya wewe kukubali. Kila unapoingia mahali kinakuuliza kama kihifadhi, nawe una vitufe viwili, `Save` na `Never`. Mteja ana haraka, hasomi, anabofya kile cha rangi ya bluu. Cha bluu ni `Save`.

Kuna mambo mawili watu wanayachanganya hapa. La kwanza, kufuta paswedi kwenye kivinjari hakubadilishi paswedi ya akaunti. Nilishamwona mzee mmoja akitoka jasho kwa kudhani barua pepe yake imefungwa milele. Hapana, mzee, ni nakala ya ufunguo imetupwa. Kitasa ni kilekile, na kama ufunguo mwingine uko kichwani mwako au kwenye daftari, mlango utafunguka. La pili ni upande wa pili wa hilohilo: kama ulikuwa huna ufunguo mwingine, kichwani huna, kwenye daftari huna, basi ile nakala ndiyo ilikuwa ufunguo pekee. Na kivinjari hakina pipa la taka la kuuokota.

Haya, nisimulie.

Nilikuwa mhudumu wa kafe, nina miezi mitatu kazini. Mwenye kafe alikuwa mtu mwema, alikuwa na mashine tano, na kwa kurahisisha mambo zote tano alikuwa ameziingiza akaunti yake mwenyewe ya Google. Hakuona ubaya. Alama zake za kurasa zilikuwa zinaonekana kila mashine, anakaa popote anafanya kazi yake.

Akaja kijana wa shule kujaza fomu ya maombi kwenye tovuti moja. Anaandika namba yake, anaandika paswedi, anabofya, ukurasa unamrudisha palepale pa kuandika namba. Hakuna maneno mekundu, hakuna kwamba umekosea. Anarudia, anarudishwa. Ilikuwa siku ya mwisho ya fomu, na nyuma yake wamejipanga wengine wanne.

Mimi nilikuwa nimesikia kwamba dawa ya tovuti ikikataa ni kufuta. Nikabonyeza `Ctrl+Shift+Delete`. Nikaenda `Advanced` kwa sababu nilidhani maana yake ni dawa kali. Nikaweka `All time`. Nikatia tiki visanduku vyote kuanzia juu hadi chini, kama mtu anayejaza fomu ya hospitali. Nikabofya. Kijana akaingia, akajaza fomu, akalipa, akashukuru. Nikajiona daktari.

Jioni mwenye kafe akanipigia simu. Alikuwa Kasese mjini. Alikuwa anataka kuingia mahali anapoagizia wino na karatasi, simu yake siku zote inamjazia paswedi, leo haijazi. Akajaribu pengine, haijazi. Ilikuwa imebaki tupu. Nilipofuta paswedi kwenye mashine namba mbili, kivinjari kilikuwa ndani ya akaunti yake, na usawazishaji, ule unaolinganisha vitu vya akaunti kwenye vifaa vyote, ulikuwa umewashwa, kwa hiyo amri ilipanda hadi kwenye akaunti, ikashuka kwenye mashine zote tano na kwenye simu yake. Historia nayo ilikwenda hivyohivyo. Na kile kikaratasi cha akaunti yake hakikutoka, maana ndiyo ile moja iliyobaki nje ya `most`. Paswedi ishirini na kitu zilizokusanywa kwa miaka. Nyingine alizipata kwa kubofya nimesahau paswedi, tovuti ikamtumia ujumbe. Lakini mbili alikuwa amezifungulia kwa laini ya simu aliyokwisha kuipoteza, na ujumbe ulikuwa unakwenda kwenye laini hiyo. Hizo hakuzipata hadi leo.

Hakunifukuza. Ningependa angenigombeza kidogo, ingekuwa nafuu.

Sasa tulichambue kosa, kwa sababu kila sehemu yake mtakutana nayo. Kijana alikuwa anarudishwa mlangoni bila kuambiwa amekosea. Hiyo ni dalili ya kuki iliyoharibika au ya zamani: tovuti inampa kikaratasi kipya, kivinjari kinaonyesha cha zamani, mlinzi anamrudisha. Angekuwa amekosea paswedi, tovuti ingemwambia. Ingekuwa kashe, ukurasa ungeonekana umevunjika.

Na kulikuwa na njia ya kuhakikisha bila kufuta hata kitu kimoja. Bonyeza `Ctrl+Shift+N`. Linafunguka dirisha jeusi, `Incognito`. Dirisha hilo linaanza bila kuki na bila kashe za zamani, kama mashine mpya. Kijana angejaribu humo. Akiingia, unajua ugonjwa uko kwenye kumbukumbu za dirisha la kawaida, na pia umeshamhudumia, anaweza kujaza fomu yake humohumo. Asipoingia, tatizo liko kwenye tovuti au kwenye paswedi yake, na ukifuta kila kitu kwenye mashine hutapata chochote. Hatua hiyo inachukua chini ya dakika moja, na ingeokoa paswedi zote zile.

Na baada ya kujua ni kuki, hukuwa na haja ya kufuta kuki za dunia nzima. Ukiwa kwenye tovuti yenyewe, bofya kile kialama kilicho kushoto mwa anwani. Chagua `Cookies and site data`, halafu `Manage on-device site data`. Utaona jina la tovuti na pipa dogo la taka pembeni. Bofya pipa. Umechana kikaratasi cha tovuti hiyo moja, wateja wengine na mwenye kafe hawajaguswa.

Sehemu ya tatu ya kosa langu niliigundua wiki moja baadaye, na hii iandikeni. Ukurasa ule unakumbuka tiki zako. Nilipoufungua tena kwenye mashine ileile, kisanduku cha paswedi kilikuwa bado kina tiki, na muda ulikuwa bado `All time`, kwa sababu ndivyo nilivyouacha. Mara ya kwanza kabisa kivinjari hakikiwekei tiki kisanduku hicho. Ukiitia wewe, kesho itakuwa inakungoja. Kwa hiyo mhudumu wa zamu ya mchana anaweza kufuta paswedi kwa mkono wa mhudumu wa asubuhi, bila yeye kutia tiki yoyote. Kabla ya kubofya, tembeza macho juu hadi chini, kila mara, hata kama umefuta mara mia.

Mama mmoja pale nyuma ananionyesha kidole. Ndiyo, mama. Anauliza: basi kama hatari iko kwenye kisanduku cha paswedi, si tuache kukigusa kabisa?

Swali zuri, na jibu linategemea mashine ni ya nani. Kwenye mashine yako ya nyumbani, ndiyo, usikiguse kwa sababu ya tovuti kusumbua. Paswedi iliyohifadhiwa haifanyi ukurasa uvunjike. Sijawahi kuona tatizo la ukurasa kutofunguka ambalo dawa yake ilikuwa kufuta paswedi zote. Lakini kwenye mashine ya kafe, ukiziacha, mteja wa pili akibofya tu mahali pa kuandika jina, kivinjari kinamdondoshea orodha: jina la yule, jina la huyu, na paswedi zimejazwa kwa vidoti. Hazisomeki lakini zinaingia. Hapo lazima zifutwe, na pamoja nazo kile kisanduku jirani, `Autofill form data`, kinachotunza namba za simu na anwani ambazo watu waliziandika kwenye fomu. Mabinti hapa Bwera wameshasumbuliwa na wanaume waliookota namba zao kwenye orodha hizo.

Ila ufute ukiwa na uhakika kwamba kivinjari hakimo kwenye akaunti ya mtu. Tazama kile kiduara cha kulia juu. Kama kuna picha au herufi ya mwenye kafe, toa akaunti kwanza, kisha ufute. Ukifuta ukiwa umetoka, unafuta vya mashine hii. Ukifuta ukiwa ndani, unafuta vya kwake kila alipo.

Na mwenye kafe aliyepo hapa nimwambie: dawa ya kudumu ni kutomwingiza mteja kwenye nyumba yako. Bofya kile kiduara, chini ya orodha kuna `Guest`. Ni chumba cha wageni. Dirisha hilo halioni kuki zako wala paswedi zako, na mteja akifunga madirisha yote ya chumba hicho, kuki, kashe na historia ya humo vinakwenda vyenyewe. Hakuna `Last hour`, hakuna tiki. Kinachobaki ni faili alizoshusha. Hizo ziko kwenye folda ya `Downloads`, na kile kisanduku cha `Download history` kinafuta orodha tu ya majina, hakifuti faili. Nimekuta humo picha za vitambulisho vya taifa, cheti cha ndoa, na barua ya mtu ya kuomba talaka. Folda hiyo mhudumu aifungue na kuifuta kwa mkono, halafu akumbuke pipa la taka la Windows.

Tumewasha mashine nne pale ukutani. Wahudumu wanne waje mbele, mmoja kila mashine. Msibofye kitufe cha mwisho. Bonyezeni `Ctrl+Shift+Delete`, nendeni `Advanced`, na mtusomee kwa sauti: muda umeandikwa nini, kashe ni em-bi ngapi, na kisanduku cha paswedi kina tiki au hakina. Anza wewe wa shati la kijani. Nani ameingia kwenye hicho kiduara cha kulia juu?